Kambare wa Pima Thelathini na Tisa

Hapo zamani, siku ambazo mtu akitaka habari humbidi aifuate kwa miguu yake, palikuwa na mji uitwao Kirungamo, kando ya mto mpana wenye maji ya rangi ya udongo. Mji huo ulitawaliwa na Sultani Badawi. Hakuwa mkali sana wala mpole sana, ila alikuwa na ugonjwa mmoja uwapatao wakubwa: tangu alipoachishwa ziwa hakuna mtu aliyepata kumwambia, "Hilo si kweli."

Basi kila Ijumaa watu wakitoka kusali, karani wa Sultani husimama juu ya baraza, akafungua kitabu kikubwa kiitwacho Kitabu cha Matendo, akasoma mambo aliyoyatenda Bwana wao. Na lililopendwa kuliko yote ni hili: "Bwana wetu alipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa alikwenda mbugani, akautupa mkuki wake. Ukampiga nyati ukamtoboa, ukatokea upande wa pili ukampiga nyati mwingine, na mwingine, hata wakatimia saba. Na mkuki haukusimama." Hapo watu wote huitika, "Kweli tupu!" Na askari walisimama pembeni wakitazama vinywa, maana aliyefumba kinywa siku ile aliulizwa ana maumivu gani.

Katika mji huo alikaa mvuvi jina lake Vuai, maskini mwenye migono sita ya kutegea samaki, na mke mmoja, Mwatime, aliyekuwa na ulimi mwepesi na moyo mwema. Vuai alitega kambare. Na kambare, kama ajuavyo kila mtu wa mtoni, hafai kukaa. Humpasua ukamtoa matumbo, ukamkunja mviringo, mkia ukauingiza kinywani, ukachomeka kijiti asikunjuke, kisha ukampanga juu ya uchanja. Chini yake unawasha makumbi na kuni mbichi. Moto ukiwaka sana samaki huungua nje akabaki mbichi ndani. Ukizimika, inzi wanamrithi. Kwa hiyo sharti watu wakae hapo tangu asubuhi hata alasiri, wageuze samaki, wazime ndimi za moto kwa maji, na kuwafukuza mwewe. Na watu wakikaa kutwa nzima mbele ya moshi, macho yakiwatoka machozi, watafanya nini kama si kusimuliana?

Ikawa katika moto ule bingwa wa kupiga chuku ni Vuai. Lakini chuku ya Vuai ilikuwa na adabu zake, na watu wote wa pale walizijua. Kwanza, hakuanza kabla hajasema, "Jamani, inueni miguu, maji yanapanda!" Hapo kila aliyekaa huinua nyayo zake juu ya mchanga, vikongwe kwa vijana, wakacheka, kisha wakashusha. Aliyeinua miguu amekubali kuchukuliwa na maji. Asiyependa huondoka akaenda zake. Pili, alikuwapo mwitikiaji wake, bibi mmoja mbanika samaki jina lake Bi Rehani, ambaye kazi yake ilikuwa kuuliza. Na hakuuliza ili kumfunga msimuliaji; aliuliza ili ampe jiwe la kukanyagia avuke mbele. Tatu, katika chuku zake hakuchekwa jirani, wala kilema, wala mjane. Aliyeloa, aliyeanguka, aliyerudi nyumbani mikono mitupu, alikuwa Vuai mwenyewe.

Basi siku moja samaki walikuwa juu ya uchanja, na moshi umetulia vizuri, Vuai akasema, "Inueni miguu, maji yanapanda!" Wakainua, wakashusha. Akaanza kwa sauti ya mtu anayetoa habari ya msiba.

"Mnaujua ule mkuyu wa kwenye kona ya mto?"

"Tunaujua," wakasema.

"Mnajua kwamba mgono wangu wa sita una mdomo uliochanika?"

"Tumeuona," akasema Bi Rehani. "Mwezi wa pili huu hujaushona."

"Basi Jumanne nilikwenda kuutazama."

Hata hapo hapakuwa na uwongo hata chembe, maana ndivyo alivyokuwa Vuai: chuku yake iliingia mtoni taratibu, ikilowesha kwanza vidole, kisha vifundo, hata mtu akija kushtuka maji yamefika shingoni. Akaendelea, "Nikakuta kamba imekazwa kama ya ngoma. Nikasema, kambare wa leo ni mkubwa, labda urefu wa mkono wangu. Nikavuta. Kikatokea kichwa. Nikasema, huyu amezidi mkono. Kichwa kikaanza kupita mbele yangu."

Hapo ndipo alipotokea Waziri Shekue. Alikuwa anapita kukagua njia watakayopita wageni wa karamu ya Sultani, akasimama nyuma ya watu kwa sababu ya harufu nzuri ya samaki. Kuinua miguu hakukuona. Na mtu huyu hakuwa mwovu, ila alikuwa amezoea kwamba kila neno linalosemwa kwa uso mkavu ni taarifa.

"Kilipita lini hicho kichwa?" akauliza Bi Rehani.

"Jumanne baada ya adhuhuri," akajibu Vuai, wala hakutabasamu. "Kiwiliwili kikapita Jumatano kutwa. Mkia ulipita Alhamisi, nami nilikwisha kula mara tano."

"Urefu wake je?"

"Pima thelathini na tisa."

"Si arubaini?"

"Bi Rehani," akasema Vuai kwa uchungu, "nimche Mungu. Kwa pima moja nitie roho yangu motoni?"

Watu wakaanza kuuma vilemba wasicheke. Mara akaja mama mmoja na kikapu, akauliza, "Vuai, kambare hawa wa lini?" Vuai akakatiza hadithi palepale, uso wake ukabadilika ukawa uso wa kila siku, akasema, "Wa jana asubuhi, mama. Chukua hawa wa katikati. Huyu wa pembeni tumbo lake limeungua, usimchukue, utanilaani." Mama akachagua, akaenda zake. Vuai akameza mate, akaurudisha uso wake wa msiba, akaendelea pale alipoachia.

"Nikaishika kamba, naye akaondoka. Akanivuta mtoni. Nanyi mnajua mto wetu unavyojikunja. Ulipojikunja nikapita nyuma ya nyumba yangu. Mwatime akatoka na mwiko, akaniuliza, 'Chumvi umenunua?' Nikamwambia, 'Nikirudi!' Samaki akazunguka, nikapita mara ya pili. 'Chumvi je?' 'Nikirudi, mke wangu!' Mara ya tatu hakuuliza, alinitupia mwiko."

"Ulikupata?"

"Ulimpata samaki. Ndipo akakasirika akakata kamba."

"Sasa ushahidi wako uko wapi?"

"Nilitaka niwaletee gamba lake moja tu muone."

"Kambare hana magamba, Vuai."

"Ndiyo maana sikuja nalo."

Basi watu wakaanguka kwa kicheko, mmoja akaipiga teke kuni, na ndimi za moto zikainuka ikabidi wakimbilie maji. Waziri Shekue peke yake hakucheka. Alikwisha kutoa karatasi kilembani mwake na kuandika: *Kambare. Pima thelathini na tisa. Yu hai. Mvuvi Vuai anajua alipo.*

Ikawa siku zile Sultani Badawi anamngoja mgeni mkubwa, Sultani wa mto wa juu, mtu ambaye katika karamu yake ya mwaka uliopita aliwalisha wageni mbuni mzima aliyetiwa ndani yake kanga, na ndani ya kanga mayai. Tangu siku ile Sultani Badawi hakupata usingizi. Kwa hiyo Waziri alipomsomea karatasi ile, alisimama kutoka kitini akasema, "Alhamdulillahi! Na aletwe."

Vuai akaletwa, mikono bado inanuka moshi.

"Ewe mvuvi," akanena Sultani, "umenena kwamba umeonana na kambare wa pima thelathini na tisa?"

"Nimenena, Bwana wangu."

"Katika siku tano nina karamu. Mlete samaki huyo."

Vuai akadhani ni mzaha, akatazama kama yupo atakayecheka. Hakumwona. Akasema, "Bwana wangu, uhai wako uwe mrefu. Yale yalikuwa chuku."

"Chuku ni nini?" akauliza Sultani, na aliuliza kweli, hakuwa anatega.

Vuai akatafuta maneno. "Ni habari ambayo, Bwana, anayeisema anajua haiko, na anayeisikia anajua haiko, na wote wawili wanakwenda kuitazama."

Sultani akamgeukia Waziri. Waziri akasema, "Bwana wangu, chuku ni jina la jikoni la uwongo."

"Basi," akasema Sultani, "ukimleta samaki, utapata zawadi. Usipomleta, umemdanganya Waziri wangu, naye ni jicho langu. Aliyemdanganya Waziri amenitia mchanga machoni. Uchanja wenu utavunjwa, moto ule utazimwa usiwashwe tena, nawe na mkeo mtavuka mto, msirudi."

Vuai akashika njia ya kurudi. Habari ikafika motoni kabla yake, watu wakawa wamekaa, samaki wanaungua na hakuna anayewageuza. Maana hapo palikuwa na nyumba kumi na nne zilizokula kwa uchanja ule.

Mwatime akasema, "Nilikuambia, mume wangu, siku moja mdomo wako utatuhamisha. Sikujua kama utatuvusha na mto." Kisha akaona uso wa mumewe, akakaa karibu naye.

Siku mbili Vuai alikwenda kwenye migono kama mtu aliyelogwa. Alimpata kambare mmoja mnene, akampima: shibiri tatu. Akacheka peke yake, kisha akalia. Siku ya tatu alimwendea Bi Rehani, akamkuta anachomeka vijiti.

"Bibi," akasema, "nikikiri mbele ya mgeni kwamba ni uwongo, nimemwaibisha Bwana aliyeuamini. Nikisema ni kweli, atanidai samaki. Njia ya tatu siioni."

Bi Rehani akageuza samaki wake wawili kabla ya kujibu. "Vuai, wewe tatizo lako ni moja. Yule bwana hakuinua miguu. Hakuna aliyemwambia maji yanapanda. Mtu aliyeingizwa mtoni akiwa usingizini utamlaumu kwa kupiga kelele?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mwinue miguu. Kisha mpe mahali. Katika chuku, mtu asipokuwa na mahali pake huona anachekwa. Akiwa na mahali, anacheka. Tena mahali penyewe pawe pakubwa, maana ni sultani."

Vuai akakaa akitazama moshi. Ikawa ile siku ilikuwa Ijumaa, upande wa msikitini wakasikia sauti ya karani ikisoma, *hata wakatimia saba, na mkuki haukusimama*, na watu wakiitika, "Kweli tupu!" Vuai akainua kichwa. Akauliza polepole, "Bibi, haukusimama? Ulikwenda wapi basi?"

Bi Rehani akamtazama kwa jicho moja, la pili limejaa moshi. "Kitabu hakisemi," akajibu.

Siku ya karamu ikafika. Ua wa Sultani ukajaa watu na mazulia, na katikati paliachwa mahali patupu pa urefu wa pima arubaini, pamefunikwa majani ya migomba, tayari kwa samaki. Sultani wa mto wa juu alikuwa amekaa kuumeni, mtu mnene mwenye macho ya kuchoka, amekwisha kula karamu nyingi za watu wanaotaka kumshinda. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia Vuai. Mkononi hana kitu. Nyuma yake Bi Rehani, na nyuma ya Bi Rehani Mwatime, ameshika mwiko, maana alisema kama ni kuhamishwa atahama na chombo chake.

Sultani Badawi akatazama majani ya migomba, akamtazama Vuai.

"Samaki yu wapi?"

Vuai akapiga magoti. "Bwana wangu, habari yake ninayo, nayo ni nzito. Lakini desturi yetu watu wa mtoni, habari ya samaki huyu haisemwi mpaka wasikilizaji wameinua miguu, kwa kuwa maji hupanda. Nakuomba kwa heshima ya mgeni."

Waziri Shekue akasema, "Utovu wa adabu!" Lakini yule mgeni mnene, ambaye tangu asubuhi hakuona jambo la kumwamsha, akasema, "Desturi ni desturi," akainua nyayo zake juu ya zulia, na viatu vyake vya hariri. Mgeni akiinua, mwenyeji atafanyaje? Sultani Badawi naye akainua, kwa haya kidogo. Na ua mzima ukainua. Waziri peke yake akabaki nyayo chini, maana hakuona jambo hilo katika sheria.

"Sasa maji yamepanda," akasema Vuai. "Bwana wangu, uliniamuru nimlete samaki. Nilishuka mtoni siku tano. Nikamkuta."

"Umemkuta!" akasema Sultani.

"Nimemkuta amekufa."

Minong'ono ikapita. Bi Rehani akauliza kwa sauti ya upole, kana kwamba yuko motoni kwake, "Amekufa kwa nini?"

"Kwa mkuki."

"Mkuki wa nani?"

"Nami ndivyo nilivyojiuliza, bibi. Mvuvi gani ana mkuki wa kumwua samaki wa pima thelathini na tisa? Nikautazama mti wake: mpingo. Nikaitazama ncha yake: na ncha hiyo, Bwana wangu, ilikuwa na manyoya ya nyati saba."

Ua wote ukawa kama umemwagiwa maji ya baridi. Hakuna aliyethubutu kumtazama jirani yake. Karani, mwenye kile kitabu mapajani, alikifunga taratibu kama mtu anayefunika chungu.

Vuai akaendelea kwa uso ule wa msiba, ingawa jasho lilimtiririka mgongoni. "Tumesomewa kila Ijumaa, nasi tumeitika, kwamba mkuki wa Bwana wetu haukusimama. Basi baada ya nyati wa saba ulikwenda wapi? Ulivuka mbuga, ukaingia mtoni, ukamngoja samaki. Na sheria ya nchi hii, Bwana wangu, ni sheria ya babu zako: windo ni la mwenye mkuki uliotangulia. Kwa hiyo samaki yule si wangu, nami sina ruhusa ya kumgusa. Ni wako tangu ulipokuwa na miaka kumi na tisa. Nimekuja kukupa habari tu, ili ukiagiza nyati wako saba waletwe karamuni, na samaki naye aletwe nyuma yao, kwa mpango wao, maana yeye ni wa nane."

Mtu angaliweza kusikia inzi akinawa mikono. Sultani Badawi uso wake ulikuwa umepanda rangi. Kusema samaki hayuko, ni kusema mkuki ulisimama. Na kama mkuki ulisimama, ulisimama wapi, kwa nyati wa ngapi? Kusema yuko, ni kukubali kwamba mwenye kumleta ni yeye.

Ndipo mgeni akacheka. Kicheko kilianza tumboni, kikapanda mabegani, hata kilemba kikamwendea upande. Na Vuai aliposikia kicheko kile aliogopa kuliko alivyoogopa kimya, kwa kuwa kicheko cha mgeni juu ya mwenyeji ni kisu. Naye aliona mkono wa Sultani ukiubana mkono wa kiti. Basi akamgeukia mgeni upesi, akasema kwa unyenyekevu, "Na wewe Bwana, mbuga ile inapakana na nchi yako. Labda mkuki ulipita kwako. Je, haukukudhuru?"

Bi Rehani naye akadakia, "Ulipita juu au chini?"

Mgeni akafuta machozi. Akamtazama mvuvi, akamtazama mwenyeji wake, na kwa kuwa hakuwa mjinga, akaelewa kwamba amepewa kigoda motoni. Akasema kwa uso mkavu kabisa, "Ulipita asubuhi, tunakula. Ukatoboa kilemba changu, ukachukua andazi, ukaenda nalo. Nilitaka kumwandikia ndugu yangu Badawi anirudishie andazi langu, nikaona haya."

Macho yote yakamgeukia Sultani Badawi. Na hapo, wasimulizi wa Kirungamo husema, palikuwa na kitambo ambacho mji mzima uling'ang'ania miguu yake hewani. Sultani alimtazama mgeni. Aliona kwamba mtu yule hamcheki; anamngoja. Tangu kuzaliwa kwake hakuna mtu aliyepata kumngoja kwa namna ile, kama mtu amngojavyo mwenzake arudishe mpira. Mkono wake ukalegea juu ya kiti. Akakohoa.

"Andazi," akasema, "lilifika. Nililikuta kwenye ncha. Lakini mkuki wenyewe..." akasita, akatazama angani, "mkuki wenyewe baada ya samaki uliendelea. Nilimtuma mtumishi aufuate. Ameniandikia juzi. Anasema amezeeka njiani, ameoa, ana wajukuu, na bado anauona mbele yake, kwa mbali."

Watu wakatazamana. Wacheke? Waitike? Hakuna aliyejua, kwa kuwa hapakuwa na mfano wake. Na katika kimya kile Waziri Shekue, nyayo zake zikiwa chini palepale, akapaza sauti kwa utii wote alionao:

"Kweli tupu, Bwana wangu!"

Ndipo ua ukavunjika. Askari walicheka wakaegemea mikuki yao. Karani alicheka akaangusha kitabu. Mwatime alipiga mwiko chini. Mgeni alimshika Sultani bega asianguke, na Sultani mwenyewe alicheka kicheko kibovu, kisichozoea njia, kilichokwama mara mbili kabla ya kutoka, lakini kilitoka. Waziri alitazama huku na huku, akashusha macho, na kwa mara ya kwanza ikamjia kwamba pengine hakuyaelewa mambo yote.

Majani ya migomba hayakukaa bure. Vuai alitumwa nyumbani, akaleta kambare mmoja wa kubanikwa, wa shibiri tatu, aliyekunjwa mkia kinywani, akawekwa katikati ya pima arubaini za majani matupu. Sultani akatangaza, "Huyu ndiye. Amepungua kwa moshi." Mgeni alisema katika maisha yake hajapata kuona samaki mkubwa namna ile, akala nusu yake.

Karamu ilipokwisha Sultani akamwita Vuai pembeni, akanena, "Ewe Vuai, kaa hapa kwangu. Utavaa joho, utapewa nyumba, na kila siku utanipigia chuku."

Vuai akainama. "Bwana wangu, Mungu akuzidishie. Lakini nikivaa joho watu wataniamini, na chuku ikiaminiwa imekufa. Huoza ikawa uwongo, kama samaki aliyekosa moshi. Tena pale nyumbani kwangu naweza kumwambia mama mwenye kikapu kwamba samaki huyu ameungua. Hapa sijui nitamwambia nani."

Maneno yale hayakumpendeza Sultani, nayo alijua ni ya kweli, na hiyo ilikuwa ladha ngeni kinywani mwake. "Basi taka kitu kingine."

"Nataka ruhusa moja. Ijumaa kitabu kinaposomwa, mtu apate kuuliza swali."

"Swali gani?"

"Lolote. Kama Bi Rehani aulizavyo."

Sultani akasema, "Nimeruhusu." Nadhani hakujua ameruhusu nini.

Basi Ijumaa iliyofuata karani akasimama, akasoma habari ya vita ambavyo Bwana wao alipigana na adui elfu kumi, akawashinda kabla ya kifungua kinywa. Akangoja kuitikiwa. Badala yake sauti ya kikongwe ikatoka nyuma: "Mwanangu, siku hiyo kulikuwa na mvua?" Karani akatazama kitabuni, akafunua ukurasa, akafunua tena. Haikuandikwa. Akamtazama Sultani. Na Sultani Badawi, aliyekuwa amekaa barazani na miguu yake ameiinua kidogo juu ya zulia, akasema kwa sauti ndogo, "Ilikuwa mvua kubwa. Kwa kweli hatukupigana. Wao walikwenda nyumbani, na sisi tukaenda nyumbani."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao, na hakuna aliyeulizwa ana maumivu gani.

Tangu siku ile kitabu kikaanza kukonda. Kilikuwa na kurasa mia nne. Mwaka ulipokwisha kilibaki na kurasa kumi na moja, nazo zilikuwa za visima alivyochimba, na njaa ya mwaka mmoja alipofungua ghala. Watu walizisikiliza hizo kwa makini wakaitika bila kutazamwa na askari. Mengine yote Sultani aliyachukua mwenyewe, akaenda nayo motoni kila alasiri ya Jumatano, akakaa juu ya gogo kama wengine, moshi ukimwingia machoni, akayakuza kuliko alivyothubutu karani. Na kila safari aliyerudi nyumbani ameloa alikuwa yeye.

Ama Waziri Shekue, alipewa adhabu nyepesi: ageuze samaki katika uchanja ule mpaka atakapojua wakati wa kucheka. Aligeuza miezi mitatu. Siku moja, katikati ya kimya, hakuna aliyesema neno, akaanza kucheka peke yake, akacheka hata akakaa chini. Wakamwuliza, "Una nini, Waziri?" Akasema, huku akijifuta machozi, "Kambare hana magamba!"

Wakamruhusu kwenda nyumbani. Na mimi niliyewasimulia nilikuwa nimesimama mlangoni pangu alipopita. Aliyetaka kuamini na aamini, na asiyetaka na ashushe miguu yake, maji yamekwisha kupwa.